Mpango wa Biashara ya Kusaga Mahindi: Jinsi ya Kukokotoa Kila Gharama kwa Kilo

Mipango mingi ya biashara ya mashine ya kusaga huanza na bei ya mashine na kuishia na faida ya mwezi, na katikati huwekwa makadirio ambayo hakuna aliyeyapima. Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Unamhusu mtu anayetaka kufungua kinu kidogo cha nyundo, chenye mota ya kilowati 15, ambacho wateja wake wengi huleta mahindi yao wenyewe na kulipia ada ya kusaga. Gharama zote, kuanzia umeme hadi beringi, zitahesabiwa kwa kipimo kimoja, yaani kilo ngapi za mahindi ya wateja unapaswa kusaga ili kuilipa gharama hiyo.

Kipimo hicho nitakiita kilo ya ada. Ikiwa bei ya uniti moja ya umeme ni sawa na unachotoza kwa kusaga kilo 4, basi uniti hiyo ni kilo 4 za ada. Ikiwa mishahara ya mwezi inalingana na ada ya kusaga kilo 4,000, basi mishahara ni kilo 4,000 za ada. Faida ya njia hii ni kwamba inafanya kazi kwa fedha ya aina yoyote, na inakulazimisha kuona kila matumizi kama foleni ya wateja wenye magunia. Katika mfano utakaofuata namba za bei ni za kudhania tu. Weka zako mahali pake, lakini usibadilishe mpangilio wa hesabu.

Hatua ya kwanza: hesabu nafaka itakayofika mlangoni

Muuza mashine atakuambia kwamba mashine yake inasaga kilo 300 kwa saa, nawe utazidisha kwa saa nane na kupata kilo 2,400 kwa siku. Hesabu hiyo haina maana yoyote. Mahindi hayafiki kwa mkondo mmoja kama maji ya bomba, kwa sababu mtu mmoja huja na debe, mwingine na nusu gunia, na kati yao hupita nusu saa bila mtu. Kinachoamua ukubwa wa biashara ni mahindi ya watu waliomo katika umbali wa kubeba mzigo kichwani, kwa baiskeli au kwa pikipiki hadi kwako, na jinsi mahindi hayo yanavyopungua kadiri mwezi wa mavuno unavyozidi kuwa mbali.

Njia bora ya kulipima hilo ni kukaa karibu na kinu kilichopo kwa siku saba mfululizo, ikiwemo siku ya soko, na kuandika idadi ya wateja na makadirio ya mzigo wa kila mmoja. Kisha waulize wateja ishirini au thelathini maswali mawili tu: mahindi unayosaga umeyalima au umeyanunua, na huwa yanaisha mwezi gani. Swali la pili lina uzito kuliko la kwanza. Kaya ikiishiwa nafaka yake mara nyingi huanza kununua unga uliokwisha kusagwa, na kuanzia siku hiyo si mteja wako tena hadi mavuno yajayo.

Tuchukue kwamba baada ya kuhesabu umepata picha ifuatayo. Miezi minne baada ya mavuno utasaga kilo 800 kwa siku, miezi minne ya kati kilo 500, na miezi minne ya mwisho, ghala za watu zikiwa tupu, kilo 250. Kwa siku 26 za kazi katika mwezi, hizo ni kilo 20,800, kilo 13,000 na kilo 6,500. Tutazirudia namba hizi tatu mara kwa mara.

Hatua ya pili: pima umeme kwa mikono yako

Usikubali makadirio ya mtu kuhusu umeme, kwa sababu kipimo chenyewe huchukua saa moja tu. Chukua kilo 300 za mahindi makavu yaliyopimwa kwa mizani, soma mita ya umeme, saga yote bila kusimama ukitumia chekeche utakalotumia kila siku, kisha soma mita tena. Ikiwa umetumia uniti 12, basi kila kilo 100 zimekula uniti 4. Kwa kinu cha nyundo kinachosaga unga laini, namba hiyo ni ya kawaida; chekeche lenye matundu madogo zaidi huipandisha, na mahindi yenye unyevu huipandisha sana, kwa sababu punje laini hupondeka badala ya kuvunjika na unga wake huziba matundu.

Kwa bei tuliyodhania ya kilo 4 za ada kwa uniti, umeme unachukua kilo 16 kati ya kila kilo 100. Linganisha na injini ya dizeli. Injini ya ukubwa huo hutumia takriban lita 1.2 kwa kilo 100 za mahindi, na kama lita moja ni kilo 30 za ada, mafuta yanachukua kilo 36. Tofauti hiyo ya kilo 20 katika kila 100 ndiyo inayopaswa kulipia gharama za kuvuta umeme wa fezi tatu hadi kwenye banda lako, na ukijua kilo zako za mwaka utajua kama nguzo na nyaya hizo zitajilipa katika mwaka mmoja au katika kumi.

Kuna upotevu mmoja wa umeme ambao wenye vinu wengi hawauoni kwa sababu hautoi sauti tofauti. Mashine inayozunguka bila nafaka bado inakula umeme, na kwa mota ya kilowati 15 yenye kinu kilichounganishwa nayo, uniti 3 kwa saa si jambo la ajabu. Fikiria siku ya kilo 350. Kusaga kwenyewe kunahitaji uniti 14. Mwendeshaji akiiacha mashine izunguke bure jumla ya saa nne kwa siku, akisubiri mteja ajaye, anaongeza uniti 12, na bili inakaribia kuwa mara mbili bila kilo moja kuongezeka.

Hata hivyo, kuzima na kuwasha kwa kila debe nako ni kosa, kwa sababu mota inapoanza huvuta mkondo wa umeme mara tano hadi saba ya ule wa kawaida na hupata joto. Dawa yake ni foleni. Mizigo ipimwe, iandikwe na kupangwa kwenye mstari, kisha mashine iwashwe mizigo inapofikia kilo 60 hivi na izimwe mstari unapoisha. Wateja wanalalamika siku za mwanzo. Wakishaona kwamba mashine huwashwa kwa utaratibu unaojulikana, hupanga safari zao kuufuata.

Mwendeshaji afundishwe pia kuwasha mashine ikiwa tupu, aiache ifikie mwendo wake kamili, na hapo ndipo aanze kulisha nafaka. Kabla ya kuzima, aache mashine imalize kila kilichomo ndani. Kinu kilichozimwa kikiwa na mahindi tumboni kitaanza kesho yake kikiwa na mzigo, na mota ndiyo italipia.

Hatua ya tatu: panga ada ukijua kila kilo inabakiza nini

Sasa tunaweza kuona kinachobaki. Katika kila kilo 100, umeme unachukua 16. Nyundo, chekeche, mikanda, beringi na grisi vinachakaa kwa kadiri unavyosaga, na kwa mfano wetu tuvitengee 8. Zinabaki kilo 76, ambazo ndizo zinazolipa gharama zisizobadilika. Hizo tuziweke hivi kwa mwezi: mishahara ya mwendeshaji na msaidizi 4,000, kodi ya banda 1,000, leseni na ada ndogondogo 500, na fungu la kununua mashine nyingine hii itakapochoka. Kama mashine na mota yake viliigharimu biashara kilo 84,000 za ada na unataka kuvirejesha kwa miezi 60, fungu hilo ni 1,400. Jumla ni kilo 6,900 kwa mwezi.

Gawanya 6,900 kwa 0.76, utapata kilo 9,079. Hiki ndicho kiwango ambacho chini yake unapata hasara, nacho ni kama kilo 350 kwa siku, yaani kazi ya saa moja na dakika kumi kwa mashine yako. Hapo inaonekana kwa nini kununua mashine kubwa zaidi hakutatui chochote katika kinu cha aina hii. Tatizo si kasi. Kwa injini ya dizeli, ukiongeza oili na vichujio vyake, gharama zinazobadilika zinaweza kufikia 48 kwa kila 100, kinachobaki kinakuwa 52, na kiwango hicho kinapanda hadi kilo 510 kwa siku.

Jirani akifungua kinu na kutoza pungufu kwa asilimia 10, wazo la kwanza litakuwa kumfuata. Pima kwanza. Ukipunguza ada kwa asilimia 10, gharama hazipungui, kwa hiyo kinachobaki kinashuka kutoka 76 hadi 66. Ili kupata kilekile ulichokuwa unapata, unahitaji kilo nyingi zaidi kwa asilimia 15, na jirani naye hatakaa kimya akiangalia wateja wake wakihama. Kwa maoni yangu ni heri kulinda ada na kuboresha unga, kwa sababu mteja ambaye unga wake ulitoka na chenga hakumbuki kwamba alipunguziwa.

Toza kwa uzito wa mahindi kabla ya kusaga, na utumie mizani iliyokaguliwa na mamlaka ya vipimo. Kutoza kwa debe ni mwanya unaovuja polepole. Debe la lita 20 lililojazwa sawasawa hubeba kama kilo 15 za mahindi makavu, lakini likirundikwa na kutikiswa huzidi hapo kwa kilo kadhaa, na hakuna mteja anayeleta debe lisilorundikwa. Mizani pia humaliza ugomvi wa unga pungufu. Kilo 20 zilizoingia hutoka zikiwa zimepungua kidogo, kwa vumbi na kwa unyevu unaokauka kwa joto la kusaga, na upungufu wa asilimia 1 au 2 ni wa kawaida. Ukifikia asilimia 4 au 5, tafuta mahali unga unapovujia: mara nyingi ni mfuko wa kitambaa uliotoboka au mlango wa chekeche usiobana vizuri.

Ukiongeza mashine ya kukoboa, mwambie mteja kabla ya kuwasha ni nani anayechukua pumba. Ukoboaji wa mashine ndogo unaweza kuondoa robo ya uzito, na mteja asiyeambiwa mapema huamini kwamba robo hiyo imeibwa. Kama pumba zinabaki kwako, ni mapato, nazo ziandikwe kwenye daftari kama mapato mengine.

Hatua ya nne: jua mashine inavyosema kabla haijasimama

Rudi kwenye namba za misimu. Mwezi wa kilo 20,800 unabakiza 15,808, na baada ya gharama zisizobadilika unapata ziada ya 8,908. Mwezi wa kati unapata 2,980. Mwezi wa uhaba unapata hasara ya 1,960. Kwa mwaka mzima ziada ni 39,712, na kati ya hizo 35,632 zimetoka katika miezi minne tu. Kwa hiyo mashine ikisimama siku nne katika mwezi wa uhaba umepoteza kidogo, lakini ikisimama siku nne katika msimu, umepoteza kilo 3,200 za kusaga, sawa na 2,432 za ada iliyobaki, kabla hujamlipa fundi. Wateja waliokwenda kwa jirani siku hizo hawapo hata katika hesabu hii.

Kutokana na hilo, matengenezo makubwa yafanyike wiki mbili au tatu kabla ya mavuno na si pale kitu kinapovunjika. Na sandukuni kuwe na chekeche moja la akiba, seti nzima ya nyundo, seti ya mikanda, beringi mbili za kinu na fyuzi. Kama vitu hivyo vyote vinagharimu kilo 2,000 za ada, vimejilipa siku ya kwanza utakapookoa kusimama kwa siku nne katikati ya msimu.

Kipimajoto cha mashine ni ile namba ya uniti kwa kilo 100. Mwendeshaji asome mita asubuhi na jioni, aandike kilo za siku, kisha agawanye. Namba ikitoka 4 na kupanda taratibu hadi 5 katika muda wa wiki kadhaa, mahindi yakiwa makavu kama kawaida, nyundo zimechakaa. Fungua kinu uziangalie. Nyundo mpya ina kona kali; iliyochoka ina kona ya mviringo kama sabuni iliyotumika, nayo badala ya kuvunja punje huisukuma izunguke ndani, unga unatoka ukiwa wa moto, na kasi inapungua.

Nyundo nyingi zina kona nne, kwa hiyo kabla ya kununua mpya unaweza kuzigeuza, kwanza upande wa pili na kisha kichwa chini. Kwenye hatua hii ndipo mafundi wengi wa haraka huharibu kinu. Nyundo moja ikivunjika, wao huweka mpya moja kati ya zilizochakaa. Nyundo mpya ni nzito zaidi, rota inakosa ulinganifu, na kwa mizunguko 3,000 kwa dakika tofauti ya gramu chache inatosha kuitikisa mashine nzima. Niliwahi kuona kinu kilichobadilishwa beringi mara tatu katika msimu mmoja, na kila mara lawama iliangukia beringi kuwa feki. Tulipozitoa nyundo na kuzipima kwa mizani ya jikoni, moja ilikuwa nzito kuliko ile iliyokuwa upande wa pili wa rota kwa zaidi ya gramu 30. Badilisha seti nzima, au angalau jozi zinazotazamana zenye uzito sawa.

Mtikisiko unaoanza ghafla maana yake ni nyundo iliyovunjika au kitu kigumu kilichoingia. Zima mara moja. Sumaku ndogo iliyofungwa kwenye mdomo wa kulishia huzuia misumari na nati za chuma, na usafishe sumaku hiyo kila siku, kwani iliyojaa vipande haishiki tena. Unga ukitoka na chenga ghafla, chekeche limetoboka. Usilizibe kwa bati, maana unapunguza eneo la kupitisha unga na kuongeza umeme. Weka la akiba na ulipeleke lile lililotoboka likatumike kusagia chakula cha mifugo, ikiwa tundu si kubwa.

Kasi ikishuka huku mota ikivuta umeme mdogo kuliko kawaida, na kuna harufu ya mpira na vumbi jeusi chini ya mikanda, mikanda inateleza. Ikaze, na ikiwa imechakaa ibadilishe yote kwa pamoja, kwa sababu mkanda mpya kati ya mikanda mizee iliyolegea hubeba mzigo wote peke yake. Beringi nayo huonya siku kadhaa mapema. Weka kiganja kwenye nyumba ya beringi baada ya saa moja ya kazi. Ukishindwa kukiacha hapo kwa sekunde tano, kuna tatizo. Kabla ya kuongeza grisi, kumbuka kwamba grisi ikizidi nayo huchemsha beringi, kwa hiyo pampu mbili au tatu kwa wiki hufaa zaidi kuliko kuijaza mara moja kwa mwezi.

Ajali ya gharama kubwa kuliko zote ni ya mota kuungua, na sababu yake ya kawaida ni fezi moja kukatika. Mota iliyokosa fezi moja wakati imesimama haianzi, bali hunguruma tu. Ukiendelea kubonyeza swichi unaichoma. Ikikosa fezi hiyo ikiwa inazunguka, itaendelea kuzunguka huku fezi mbili zilizobaki zikibeba mzigo wote, na ndani ya dakika chache unasikia harufu ya vanishi inayoungua. Kuisuka mota upya kunaweza kugharimu kilo 4,000 za ada, pamoja na siku tano au sita za kusimama. Kifaa cha kukata umeme fezi inapokosekana, pamoja na rilei ya mzigo iliyowekwa kulingana na ampea zilizoandikwa kwenye kibao cha mota, ni sehemu ndogo ya gharama hiyo. Fundi akikushauri kuipandisha rilei kwa sababu inakatakata, mkatalie. Rilei inayokata inakuambia kwamba mzigo umezidi, au volti imeshuka. Volti ikishuka kutoka 400 hadi 360, mota huvuta mkondo zaidi kwa kama asilimia 11 ili kufanya kazi ileile, na joto ndani ya nyaya zake huongezeka kwa zaidi ya asilimia 20. Saa ambazo taa za jirani zinafifia, punguza kasi ya kulisha nafaka.

Hatua ya tano: amua kama utanunua mahindi yako mwenyewe

Miezi minne ya uhaba humfanya kila mwenye kinu awaze kununua mahindi wakati wa mavuno, kuyahifadhi na kuuza unga wakati kaya zimeishiwa. Wazo ni zuri, lakini lina hesabu yake. Ili kufikia kiwango cha kutopata hasara, kila mwezi wa uhaba unapungukiwa na kilo 2,579, na kwa miezi minne ni kama tani 10.3 za mahindi safi. Kwa kuwa mahindi unayonunua si safi wala si makavu kabisa, utanunua karibu tani 11. Kama kilo moja ya mahindi wakati wa mavuno ni sawa na kilo 8 za ada, tani 11 ni kilo 88,000 za ada, yaani mtaji unaozidi bei ya mashine yenyewe. Na kwa upande wa kusaga, mtaji huo wote unakuondolea hasara ya 7,840 tu kwa mwaka.

Kwa hiyo mahindi ya akiba hayawezi kutetewa kwa hoja ya kuijazia mashine kazi. Yanapaswa kujilipa kama biashara ya unga, kutokana na tofauti kati ya bei ya mavuno na bei ya uhaba, baada ya kutoa upotevu, mifuko na riba. Ili usijidanganye, kitengo chako cha unga kikilipe kinu ada ileile ambayo mteja mwingine hulipa, na daftari zao ziwe mbili. Kama unga unaonyesha faida kwa sababu tu unasagwa bure, hiyo si faida ya unga.

Upotevu wenyewe huanzia kwenye unyevu. Tani moja iliyonunuliwa ikiwa na unyevu wa asilimia 16, ikikaushwa hadi asilimia 13, inabaki kilo 965. Pepeta na kuondoa asilimia 2 ya takataka na punje mbovu, zinabaki kama 946. Saga dona kwa upotevu wa asilimia 1, unapata kilo 936 za unga. Umepoteza kilo 64 bila mdudu hata mmoja kuingia. Bei ya kununulia igawanywe kwa 0.936 kabla ya kuongeza gharama nyingine yoyote.

Bila kipima unyevu, tumia chumvi. Weka mahindi kwenye chupa kavu ya kioo hadi kama theluthi, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha uache itulie robo saa. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15 hivi, na mahindi hayo hayafai kuhifadhiwa kabla ya kuanikwa tena. Chumvi isiyoshika haimaanishi kwamba yamefikia 13, kwa hiyo kwa mzigo mkubwa tafuta kipimo halisi. Mahindi makavu yanaweza kuwekwa katika mifuko isiyopitisha hewa, ambamo fukusi na dumuzi hufa kwa kukosa oksijeni, mradi mifuko iwe juu ya mbao na mbali na ukuta. Mahindi mabichi ndani ya mifuko hiyo yataota ukungu, na sumukuvu inayotokana nao haiondoki kwa kusaga wala kwa kupika. Punje zenye rangi ya kijani kibichi au kijivu zisichanganywe na nyingine hata kama ni chache.

Kwa mwaka wa kwanza ningenunua tani moja au mbili tu, niuze unga wake wote, na kuona ni siku ngapi umekaa rafuni na ni kwa bei gani umetoka. Hasara ya miezi ya uhaba ningeilipa kwa fungu lililotengwa wakati wa msimu. Kilo 7,840 zikigawanywa kwa miezi minne yenye kazi nyingi ni 1,960 kwa kila mwezi, kutoka kwenye ziada ya 8,908. Fedha hizo zitolewe kabla ya mwenye kinu kujilipa, ziwekwe kwenye akaunti tofauti na ile ya vipuri, na ziguswe mara ya kwanza wiki ambayo daftari linaonyesha wastani wa siku umeshuka chini ya kilo 350.